Fungu la Bahati: nyumba inasema machache kuliko tunavyodhani

Wanaosoma nyota hupenda kukimbilia Fungu la Bahati na nyumba lilimokaa, yaani mojawapo ya sehemu 12 za chati ya kuzaliwa. Likiwa nyumba ya pili, mtu huambiwa fedha zitamjia bila jasho jingi. Likiwa ya kumi, riziki yake imo kazini na katika cheo. Likiwa ya nne, atafute mashamba na mali za ukoo. Jibu hilo linapendeza kwa kuwa ni fupi. Je, nyumba peke yake inaweza kubeba uzito huo?

Fungu hili si sayari. Ni nukta ya hesabu, na Waarabu waliliita sahmu ya saada. Kwa aliyezaliwa mchana, unapima umbali kutoka Jua hadi Mwezi, kisha unahesabu umbali uleule kuanzia nyuzi iliyokuwa ikichomoza mashariki wakati wa kuzaliwa. Kwa aliyezaliwa usiku, wengi hugeuza wakapima kutoka Mwezi hadi Jua.

Wanaolitetea wana hoja ya maana. Jua, Mwezi na upeo wa mashariki ndivyo vitu vitatu vizito kuliko vyote katika chati, na Fungu linavifunga pamoja. Ila hesabu hiyohiyo ndiyo inayoidhoofisha nyumba. Nyumba nazo huhesabiwa kuanzia buruji, yaani alama ya nyota kama Punda au Mizani, inayochomoza mashariki, kwa hiyo namba ya nyumba ya Fungu haitegemei sana saa ya kuzaliwa. Inategemea umri wa Mwezi. Mwezi ukiandama, Fungu la mtoto wa mchana linakaa nyumba ya kwanza. Ukiwa mpevu, linakaa ya saba. Mwezi huliacha Jua nyuma kwa nyuzi kama 12 kila siku, na nyumba moja ina nyuzi 30, hivyo watoto wote waliozaliwa mchana ndani ya siku mbili na nusu hivi wanagawana nyumba moja au mbili, pengine tatu, zinazopakana. Ikiangukia ya tatu, karibu wodi nzima ya wazazi ina bahati ya ndugu na majirani!

Chukua mfano. Jua liko nyuzi 10 za Mizani, Mwezi nyuzi 20 za Mshale. Kati yao kuna nyuzi 70. Mtoto anazaliwa muda mfupi kabla ya Jua kuzama, nyuzi 5 za Punda zikichomoza. Ongeza 70, unafika nyuzi 15 za Mapacha, nyumba ya tatu, na mwenye nyumba, yaani sayari inayoitawala, ni Utaridi. Pacha wake anachelewa kama dakika 40. Jua limezama, nyuzi 15 za Punda zinachomoza. Sasa hesabu imegeuka: Fungu linaangukia nyuzi 5 za Ndoo, nyumba ya kumi na moja, na mwenye nyumba ni Zohali. Mmoja ataambiwa bahati yake iko kwa ndugu na safari fupi, mwingine kwa marafiki na matumaini.

Batlamyusi, mnajimu aliyeandika Aleksandria katika karne ya 2, angewapa wote wawili Mapacha, maana yeye hakugeuza hesabu usiku. Tena alipozungumzia mali, hakuanza na namba ya nyumba. Alimtazama anayetawala buruji ya Fungu: Utaridi huleta mali kwa ufasaha na biashara, Zohali kwa majengo, kilimo na vyombo vya baharini. Kwangu hapo ndipo penye uhai, kwa sababu buruji na mtawala wake hubadilika kila saa mbili hivi, ilhali namba ya nyumba imelala.

Vettius Valens, mnajimu wa karne hiyohiyo, aligeuza hesabu usiku, na anawapa watetezi wa nyumba silaha nzuri zaidi. Aliligeuza Fungu lenyewe kuwa nyumba ya kwanza, akahesabu kutoka hapo. Ya kumi na moja yake ndiyo mahali pa kujipatia mali. Kwa pacha wa kwanza, kumi na moja kutoka Mapacha ni Punda. Sayari njema zikiwamo humo, angalau kuna kitu cha kusoma. Sayansi haijapata ushahidi kwamba lolote kati ya haya linatabiri utajiri, lakini hata ndani ya fani yenyewe usomaji huu una nguvu kuliko kutaja namba tu.

Kwetu kuna mtego mwingine. Mama anakumbuka saa 2 usiku. Mtu anaandika 2:00, na programu inaielewa kuwa saa nane za usiku. Kwa tarehe ileile kosa ni la saa kumi na nane, lakini kwa kuwa nyakati zote mbili ni usiku, nyumba ya Fungu huenda isisogee kabisa, au isogee kidogo tu. Chati inaonekana sawa. Aliyebadilika mara nyingi ni mwenye nyumba, na msomaji anayetazama namba peke yake hatagundua.