Tano za juu, tano za kati, tano za chini

Jamani hii kazi ya kuratibu mitihani ya idara msiitamani, posho hakuna na lawama zote zako. Mwisho wa semesta mkuu wa idara kaangusha memo kwenye grupu la wasapu, fupi tu, kwamba dedilaini ya moderesheni, yaani mwalimu mwingine kukagua ulivyosahihisha, ni Ijumaa saa kumi jioni, kila somo lije na bahasha moja, ndani kuwe na mtihani wenyewe, mwongozo wa kusahihishia, karatasi ya matokeo ya darasa zima, na skripti za sampuli "tano za juu, tano za kati, tano za chini". Watu wakajibu na vidole gumba, mambo yakaisha. Kumbe ndo yanaanza.

Ijumaa mchana bahasha ya kwanza kunifikia ni ya Dokta mmoja mkongwe, anafundisha takwimu, darasa lina watu 180. Imegundishwa vizuri, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, nikasema huyu ndo mtu, mngekuwa wote hivi ningezeeka taratibu. Nikaipeleka kwa moderata, mama mmoja mpole wa idara ya jirani. Haikupita nusu saa simu hiyo, "mwanangu hebu njoo, kuna kitu sikielewi".

Nikakuta kaweka karatasi ya matokeo pembeni na skripti kazipanga mezani. Ndo ukaguzi wa kwanza huo hata kabla hujasoma jibu lolote, unachukua alama za kwenye sampuli unazitafuta kwenye orodha. Orodha inasema wa kwanza kapata 88, wa mwisho 19, waliofeli yaani chini ya 40 wako sita. Kwenye bahasha 88 hayupo, 19 hayupo, wa chini kabisa ana 44. Halafu kwenye kile kifungu kilichoandikwa TANO ZA CHINI, juu yake kuna skripti ya 86! Mama ananiangalia, "hapa kwenu 86 ni chini?"

Tukaenda wote ofisini kwa Dokta. Shikamoo, marahaba, kaeni. Kaulizwa, akashangaa kweli kweli: "Si memo imesema tano za juu, tano za kati, tano za chini? Nimetoa hivyo hivyo." Akatuonyesha na mrundo wenyewe, umefungwa kamba. Tano za juu ya mrundo, tano za katikati ya mrundo, tano za chini ya mrundo. Sasa mrundo umekaa vilevile walivyokusanya siku ya mtihani, kwa hiyo zake za juu ni wale wa "mwalimu dakika moja tu" na za chini ni waliotoka mapema, na huyo wa 86 alimaliza mapema akaenda zake kula chipsi. Mama wa watu kageukia dirishani, mabega yanamcheza.

Ungedhani mzee atanywea. Wapi! Akasimama, "hiyo yangu ni bora zaidi, ni sampuli ya nasibu, haina upendeleo". Pale kona kuna kijana msaidizi wake anajaza alama kwenye kompyuta, kimya muda wote, mara katoa kikokotoo. "Dokta, wakifeli 6 kwenye 180, ukichukua 15 kwa nasibu, uwezekano wa kutompata hata mmoja ni asilimia 59 hivi. Ulitufundisha wewe mwaka wa pili." Kimya. Nilitamani kupiga makofi ila ajira bado naihitaji.

Na kijana kasema kweli, maana moderata hatafuti wastani wa darasa. Anataka kujua 86 yako ni 86 kweli na 38 yako ni 38 kweli, kwamba umefuata mwongozo na umejumlisha sawa, hasa pale mpakani ambapo alama mbili zinampeleka mtu sapu. Na hapandishi alama ya mtu mmoja mmoja, akikuta umebana alama kwenye swali fulani, unarudi kulisahihisha swali hilo kwa darasa zima, sasa unaonaje kama waliobanwa hawamo kwenye bahasha?

Tukapanga upya kwa alama, saa kumi kasoro tukamaliza, za waliofeli zikawekwa zote sita. Bosi akatuma memo ya pili kwa herufi kubwa: JUU NI KWA ALAMA SI KWA MRUNDO. Kwenye simu yangu naona mtu anaandika, anafuta, anaandika. Ni mwalimu wa somo la hiari: "Mkuu mimi darasa langu lina wanafunzi 9, hizo 15 natoa wapi?" Akajibiwa alete zote.

Dakika mbili. "Sawa Mkuu. Na sita zinazobaki nilete lini?"