Msamaha wa Rais: Kisumu tunalalamika kwenye mlango usiohusika

Kila Rais anapotangaza msamaha, simu yangu huku Minnesota, Marekani, haipumui. Mjomba wangu wa Kondele, Kisumu, ndiye mkali kuliko wote: "Jaji amekaa miaka miwili akisikiliza ushahidi, halafu mtu wa Nairobi anatia sahihi moja na mwizi yuko nje. Sasa jaji alikuwa wa nini?"

Mjomba ana uchungu wa haki, lakini nadhani anamlaumu asiyehusika. Kifungu cha 160 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kumwelekeza jaji anapoamua kesi. Kifungu cha 133, kinachompa Rais uwezo wa kusamehe, hakivunji hilo, kwa sababu msamaha huja kesi ikishakwisha. Rais akibadilisha kunyongwa kuwa kifungo cha maisha, hatia inabaki palepale na hukumu ya jaji haifutwi. Kinachobadilika ni adhabu. Tena Rais hajiamulii: lazima mtu apeleke ombi, na Rais afuate ushauri wa kamati. Humo wamo Mwanasheria Mkuu, waziri wa magereza, na angalau watu wengine watano ambao si maafisa wa dola. Jaji hayumo.

Huku Minnesota yumo. Bodi ya msamaha ya Minnesota ina watu watatu: gavana, mwanasheria mkuu wa jimbo, na Jaji Mkuu mwenyewe. Nilipolisikia jambo hili nilicheka, nikasema hawa nao wanatufundisha nini kuhusu uhuru wa mahakama? Na lilileta shida kweli. Mwaka 2020 mama mmoja Mwethiopia, aliyefungwa kwa kumuua mume aliyekuwa akimtesa, aliomba msamaha ili asirudishwe kwao. Gavana akakubali, mwanasheria mkuu akakubali, Jaji Mkuu akakataa. Sheria ya wakati huo ilitaka wote watatu wakubaliane, kwa hiyo ombi likafa. Mama akashtaki, na mwaka 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo, Jaji Mkuu akiwa amejiondoa kwenye kesi hiyo, ikasema sheria ni halali. Baadaye bunge la jimbo likaibadilisha: tangu 2024 kura mbili zinatosha, mradi ya gavana iwe mojawapo.

Kwa mpangilio, basi, Kenya tumewashinda. Ila nilitazama kikao kimoja cha bodi hiyo. Mwombaji anakaa mbele ya hao watatu, anapewa dakika chache, anaeleza alichofanya na alivyoishi tangu hapo. Aliyetendewa ubaya naye akitaka anasema. Kisha kila mmoja anapiga kura kwa sauti, na unamjua aliyekukatalia. Kenya wanakamati huenda gerezani kuwahoji waombaji, na sheria inawaruhusu kusikiliza waliodhulumiwa, lakini mimi na mjomba hupata habari siku ya sikukuu, na tunachosikia ni idadi. Sababu hatuisikii. Ndiyo maana mtaani watu hujaza wenyewe: kalipa, au ni wa kwao.

Uchungu wenyewe wa mjomba, hata hivyo, uelekezwe Bungeni. Chukua mfano wa kijana aliyepatikana na hatia ya wizi wa mabavu: walikuwa wawili, na panga, wakachukua simu na pesa kidogo, hawakuua. Chini ya kifungu cha 296(2) cha sheria ya adhabu, hukumu ni kifo, na jaji hana chaguo lingine. Hanyongwi, maana Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Anangoja tu. Kibaki alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 mwaka 2009, Uhuru watu 2,747 mwaka 2016, na Ruto akafanya hivyo tena 2023. Ni kudeki sakafu huku bomba likiendelea kuvuja.

Na huyo kijana akishabadilishiwa kuwa maisha, hapati lile punguzo la theluthi ambalo wafungwa wa kawaida hupewa kwa tabia njema. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Wengi magerezani wakaanza kuomba wahukumiwe upya. Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua: uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Kwa hiyo aliyeua anaweza kurudi kwa jaji akapewa, tuseme, miaka 20, na huyu wa panga na simu, aliyemaliza rufaa zote, karibu hana pengine pa kwenda isipokuwa kwa kamati ya msamaha.

Mjomba akisema Rais anamnyang'anya jaji kazi, mimi humjibu kwamba hapo jaji alishanyang'anywa siku nyingi, na aliyemnyang'anya ni 296(2). Mbunge wake anaweza kupeleka mswada wa kuirekebisha mwaka huuhuu. Nimemwambia amuulize akija Kondele kuomba kura.