Nyota tatu na nusu hazimsaidii mnunuzi

"Wateja wengi wameridhika na birika hili, ingawa baadhi wamelalamikia uimara wake." Muhtasari wa namna hii unanikera, na kila siku naukuta mahali. Watu 12 wametoa fedha zao, wakakaa chini kuandika walichokiona, halafu mtu anakamua yote hayo na kubakiza sentensi ambayo ungeweza kuibandika kwenye pasi, redio au begi la safari bila kubadilisha kitu zaidi ya jina. Anayetaka kununua anaondoka vilevile alivyokuja.

Tuchukue birika la umeme, la chuma cha pua, lenye kidirisha cha plastiki ubavuni cha kuonyesha kiasi cha maji. Mfano wenyewe nimeutunga, lakini maoni ya mabirika ndivyo yalivyo. Yapo maoni 12. Sita yana nyota tano, moja nne, moja tatu, moja mbili, na matatu yana nyota moja. Jumlisha, gawanya, unapata 3.5. Sasa mtafute mteja aliyeliona birika hili kuwa la wastani: ni mmoja tu aliyetoa nyota tatu, na shida yake ilikuwa waya. Waliobaki karibu wote wamefurahi sana au wamekasirika sana. Kwa hiyo wastani umeeleza hali ambayo karibu hakuna aliyekutana nayo. Uweke pembeni, usome maneno.

Ukisoma, jambo la kwanza ni kutenga yasiyohusu birika. Mmoja wa nyota tano anasifu mzigo kufika mapema. Mmoja wa nyota moja analalamika kwamba boksi lilifika limebonyea na rangi si aliyoagiza. Wote wawili wanamzungumzia muuzaji na msafirishaji, na anayesoma leo huenda akanunua kwingine. Tunabaki na maoni 10.

Hapa ndipo mihtasari mingi inapoharibika, na ndiyo sababu ya mimi kuandika makala hii. Katika hayo 10, watatu wanasema birika linavuja. Mwandishi mvivu ataandika "baadhi", mwandishi mwangalifu kidogo ataandika "3 kati ya 10", na wote wawili watakuwa wamempotosha mnunuzi. Sababu ni kwamba watatu kati ya waliotoa nyota tano waliandika wiki ile ile ya kulipokea. Linang'aa, linachemsha haraka, wamefurahi. Aliyetoa nyota nne aliandika ndani ya wiki ya kwanza, na yule wa waya alikuwa nalo wiki mbili. Watu hawa watano hawawezi kushuhudia lolote kuhusu uimara, kwa kuwa hawajaishi nalo. Kuwahesabu kama ushahidi kwamba halivuji ni kosa, hata kama wenyewe hawajasema uongo.

Basi waulize waliokaa nalo. Waliolitumia zaidi ya miezi mitatu ni watano. Wawili wanasema liko vizuri, mmoja akiwa na miezi sita na mwingine minane. Watatu wanasema lilianza kuvuja, mmoja mwezi wa nne, mwingine wa tano, mwingine wa sita, na wote wanataja sehemu ileile: pale kidirisha kinapoungana na chuma. Sasa tuna 3 kati ya 5, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kutaja sehemu moja kuna uzito wake. Kama mmoja angesema mfuniko, mwingine mdomo, mwingine kitako, ningefikiria bahati mbaya au matumizi mabaya. Lakini plastiki ikipata joto hutanuka kuliko chuma, ikipoa hujirudi, na kila unapochemsha kiungo kile kinavutwa upya. Kinaweza kulegea taratibu: kwanza unaona unyevu tu chini ya kidirisha, baadaye tone linateremka ubavuni hadi kwenye kitako, ambako ndiko umeme unakoingilia. Malalamiko matatu ya watu wasiojuana, yenye sehemu moja, muda unaokaribiana na sababu inayoeleweka, hayastahili kufichwa ndani ya neno "baadhi".

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba 3 kati ya 5 si kipimo cha mabirika yote yaliyouzwa. Aliyeharibikiwa ana hamu ya kurudi kuandika. Ambaye linamchemshia maji kila asubuhi bila shida hana sababu ya kurudi. Ndiyo maana siandiki "asilimia 60 huvuja". Naandika idadi ya watu na muda waliokaa nalo, msomaji apime mwenyewe. Ila kasoro hiyo ya maoni haigeuki ruhusa ya kunyamaza.

Kuna madai mengine ambayo shahidi mmoja anatosha. Yule wa nyota tatu anasema waya ni mfupi, amepima akapata sentimita 70. Waya haubadiliki kulingana na mtumiaji, kwa hiyo huhitaji wengine tisa wakubaliane naye. Uandike, kwa maneno machache, kwa sababu mwenye soketi ya mbali atashukuru. Aliyetoa nyota nne analalamikia harufu ya plastiki, kisha mwenyewe anasema iliisha baada ya kuchemsha na kumwaga maji mara nne. Ukitaja harufu ukaacha ilivyoisha, umeongeza kasoro ambayo mlalamikaji mwenyewe ameshaifuta.

Kuhusu kasi ya kuchemsha, watano wameisifu na hakuna aliyepinga. Inatosha sentensi moja.

Wapo wanaodhani usawa ni kuweka sifa mbili na kasoro mbili, kila upande mistari sawa. Siafikiani nao hata kidogo. Waya mfupi na maji yanayoteremka kwenye umeme si kasoro za uzito mmoja, na rangi nzuri haifuti uvujaji. Usawa ni kila jambo kupewa nafasi kulingana na watu wangapi walioweza kuliona wameliona, na lina madhara gani kwa mtumiaji.

Haya, muhtasari wenyewe:

"Linachemsha haraka: 5 kati ya wateja 10 waliolizungumzia wamelisifu kwa hilo, hakuna aliyepinga. Hofu kubwa ni kuvuja. Kati ya 5 waliolitumia zaidi ya miezi mitatu, 3 wanasema lilianza kuvuja kwenye kidirisha cha maji kati ya mwezi wa nne na wa sita. Wengine 2 halijawasumbua, mmoja kwa miezi minane. Waya ni mfupi, sentimita 70. Mmoja alisikia harufu ya plastiki mwanzoni, ikaisha baada ya kuchemsha mara nne."

Ni maneno yasiyozidi sabini. Hayamwambii mtu anunue au asinunue, lakini yanampa la kufanya: aulize udhamini ni wa muda gani na kama unagusa uvujaji, au atafute birika lisilo na kidirisha.

Na ikitokea maoni yote 12 yameandikwa wiki ya kwanza, hakuna hesabu itakayoyafanya yazungumzie uimara. Andika hivyo hivyo: "Hakuna aliyelitumia zaidi ya wiki moja." Mnunuzi anahitaji sentensi hiyo kuliko sifa zote zilizoitangulia, na iwekwe juu kabisa, asiikose.