Lala juu yake

Bango lilikuwa na urefu wa futi 12, na maandishi niliyakuza mpaka yakasomeka toka ng'ambo ya barabara. Hilo ndilo lililoniponza.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya inauma kama ina meno. Muuza magodoro mmoja pale Mwanjelwa alinipa kazi. Kiwanda kilikuwa kimemtumia picha ya tangazo: mwanamke kajilaza kwenye godoro, anatabasamu, na pembeni maneno matatu ya Kiingereza ambayo mzee mwenyewe aliyasoma "slipu oni iti". Akataka yawe ya Kiswahili. Nikachora, nikatafsiri humohumo, bei moja. Lala. Juu. Yake. Maneno matatu kwa maneno matatu, nikajiona fundi kwelikweli.

Likatundikwa Ijumaa jioni. Jumamosi saa mbili asubuhi simu ikaita.

"Kijana, njoo dukani. Acha chai, njoo."

Nikakuta bajaji nne zimesimama na madereva wanapiga picha. Mama muuza maparachichi kamkazia macho mzee: "Baba, na wajukuu unao!" Nikainua kichwa, na kwa mara ya kwanza nikalisoma bango kama mtu asiyejua kwamba kulikuwa na Kiingereza nyuma yake. Dada anatabasamu. LALA JUU YAKE.

Tatizo ni hiyo "yake". Mwingereza ana neno la kitu peke yake, sisi hatuna. Godoro, juu yake. Dada, juu yake. Kiswahili kinaiachia picha iamue, na kwenye picha ile dada alionekana wote, godoro likachungulia pembeni tu.

Tukalishusha. Mzee hakunifukuza, maana hela ya turubai ilikuwa imeshahamia kwenye deni langu. Nikaja na la pili: LILALIE KWANZA. Sarufi safi, "li" ni ya godoro, dada hayumo. Jirani muuza vitenge akacheka mpaka akashika kaunta. "We kijana, sokoni hapa kulalia ni nini? Juzi tu nimelaliwa elfu ishirini kwenye vitenge. Sasa mteja anaingia kununua, juu ya mlango kumeandikwa kulalia!"

Nikampigia dada yangu, anafundisha Kiingereza sekondari huko Tukuyu. Akanisikiliza, akacheka kwanza, kisha akanieleza nilichotakiwa kuuliza tangu mwanzo.

"Hao hawasemi godoro tu. Mtu akiwa na uamuzi mgumu huambiwa maneno hayohayo: usijibu leo, kalale, utajibu asubuhi. Utani wenyewe ni kwamba godoro na uamuzi vyote vinalaliwa. Wewe umechukua godoro, uamuzi umeuacha njiani."

"Sasa Kiswahili chake ni kipi?"

"Yaache yale maneno matatu. Muuzaji anayejiamini, mteja anasitasita mbele yake, anamwambiaje?"

Sikuwa na jibu. Kabla hajakata, bibi akaichukua simu. "Ugonile!" Salamu ya Kinyakyusa, nimeiitikia tangu utotoni, na siku hiyo ndiyo nikaisikia: umelala? Kumbe kwetu asubuhi ndiyo saa ya kutoa taarifa ya usiku. Papo hapo nikamkumbuka muuza dagaa wangu, ambaye kila nikisita hunifungia na kusema, "Chukua, kesho utaniambia!" Anajisifu na anakupa muda wa kuamua, kwa pumzi moja.

LALA LEO, KESHO UTATUAMBIA.

Maneno yaliongezeka moja na herufi ilibidi nizipunguze. Safari hii sikupiga bango moja kwa moja. Nilichapa karatasi ndogo, na picha ikiwemo, nikawaonyesha watu ambao Kiingereza chake hawajakiona, nikauliza swali moja tu: umeelewa nini? Dereva wa bajaji akasema, "Nisibishe mpaka nimelilalia." Muuza vitenge akacheka, lakini mahali panapotakiwa. Mama wa maparachichi akatazama sana, akasema maneno hayana neno, ila huyo dada afunikwe blanketi. Nikamchorea blanketi.

Bango likapanda, mzee akafurahi, akanipunguzia deni. Wiki ya pili ananipigia tena, saa mbili asubuhi.

Mlangoni kasimama baba mmoja wa makamo, godoro limelala juu ya toroli, nailoni imeshachanwa.

"Nimelala," akasema. "Nimekuja kuwaambia."

"Karibu, baba. Tuambie."

"Linabonyea. Nataka hela yangu."

Mzee akanigeukia taratibu. "Hii ya kurudisha hela," akaniuliza, "kwenye Kiingereza ilikuwepo?"