Ukiomba paa la mwenye nyumba, anza na bati

Wapangaji wengi wa Dar huomba ruhusa ya kufunga sola kwa kusifia jua. Mwenye nyumba jua analijua. Anachowaza ni bati lake kuvuja masika, na siku utakayohama: utaondoka na nini, utamwachia matundu mangapi? Kwa maoni yangu barua ianze na paa, hela zifuate. Hii ndiyo niliyomwandikia mama mwenye nyumba wetu hapa Tabata, tunakoishi wapangaji wanne chini ya paa moja na LUKU moja.

*Mama, shikamoo.*

*Naomba ruhusa ya kufunga paneli mbili za sola, za wati 550 kila moja, upande wa paa unaotazama kaskazini. Hapa kwetu jua huelemea kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, tena upande huo kivuli cha simtanki hakifiki. Kivuli kikigusa hata kona ya paneli moja, umeme unapungua kwa zote mbili.*

*Paneli moja ina kilo 28 hivi, na kenchi zinaubeba uzito huo. Cha kuogopa ni upepo kuinyanyua, kwa hiyo fremu itashikwa kwenye papi, si kwenye bati tupu. Fundi atazikagua papi kwanza, na iliyooza itabadilishwa. Matundu yatatobolewa kwenye mgongo wa bati, maana maji hupita bondeni, na kila bolti itawekewa mpira na silikoni. Bolti ziwe zile zisizoshika kutu, kwa sababu ya hewa yetu ya pwani. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha nitapanda darini na fundi. Tukikuta alama ya maji kwenye mbao, matengenezo ni juu yangu.*

*Umeme huo kwanza utasukuma pampu ya maji, ambayo ndiyo inatugombanisha kila LUKU inapokata. Pampu ni ya wati 750, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo, ndiyo maana nachukua inveta ya kilowati 3. Tukiisukuma mchana, haihitaji betri kubwa. Ikifanya kazi saa mbili inakula uniti moja na nusu. Kwa bei ya shilingi 350 hivi kwa uniti pamoja na kodi, ni kama 16,000 kwa mwezi. Uniti zinazobaki zitaingia kwenye friji na taa zangu, na taa ya barazani itawaka bure kwa wote.*

*Gharama yote ni makadirio ya 2,400,000. Napendekeza tuigawe hivi: kinachobaki na nyumba ni chako, kinachohamishika ni changu. Papi mpya, fremu, nyaya za ukutani na chenji ova, ile swichi ya kubadili kati ya umeme wa sola na wa TANESCO, ni 500,000. Sikuombi fedha taslimu. Nitatanguliza mimi, wewe unikate 50,000 kwenye kodi ya kila mwezi kwa miezi kumi. Paneli, inveta na betri, 1,900,000, nalipa mwenyewe. Nikihama, wewe ndiye wa kwanza kuuziwa, na kila mwaka unaopita bei inashuka kwa 300,000. Usipotaka, nang'oa na kuziba kila tundu kwa gharama yangu.*

*Wenzangu watatu nimeongea nao. Watanipa 2,000 kila mmoja kwa mwezi badala ya 4,000 wanayochangia pampu sasa.*

*Mpangaji wako wa mlango wa tatu.*

Kuna watakaosema nimejinyonga. Hesabu yao naijua: paneli hizo zikitoa uniti tatu na nusu kwa siku, na zote zikatumika, 2,400,000 inarudi baada ya miaka mitano na zaidi. Mpangaji gani wa Dar ana uhakika wa miaka mitano? Ndiyo sababu nagawa kwa kuangalia kinachohamishika. Nusu kwa nusu inaonekana ya haki mdomoni, lakini siku ya kuhama mtashika kila mmoja upande wake wa paneli.

Hilo liandikwe, nakala mbili, zisainiwe mbele ya mjumbe. Msipoandikiana, kilichopigiliwa kwenye nyumba ni rahisi kudaiwa kuwa cha nyumba.

Chenji ova nayo usikubali fundi akuambie si lazima. Bila hiyo, inveta inaweza kurudisha umeme kwenye waya wa nje wakati umeme wa mtaa umekatika, na juu ya nguzo kuna mtu anayeamini waya umekufa. Kwangu hicho ndicho kipengele pekee kisichojadiliwa bei.

Mama kanipigia jana. Ya kukatwa kwenye kodi kayakubali, ila anataka miezi kumi na miwili badala ya kumi, na kijana wake apande juu na fundi siku ya kukagua papi. Nimekubali yote mawili.