Katibu, tuambie tuisevu namba kwanza

Mzee aliyekuwa akitandika mikeka ya msikiti wetu tangu mimi nikiwa mtoto wa madrasa amezikwa makaburi ya Kisutu, na mimi sikuwepo. Nilikuwa Kariakoo, nimesimama kaunta ya dukani napima vitambaa. Kutoka pale hadi Kisutu unaenda kwa miguu. Habari nimezipata jioni kwa jirani, tumekutana dukani kununua mkate, akaniuliza, "Mbona mchana hatukukuona kwenye mazishi ya mzee?" Nikashindwa kujibu. Nilikuwa nimejiandikisha kwenye orodha ya matangazo ya msikiti wiki sita kabla, ili nisije nikakosa jambo kama hilo.

Tangazo lenyewe nalikumbuka vizuri. Ijumaa, baada ya swala, katibu akashika kipaza sauti akatuambia kwamba msikiti sasa una orodha ya WhatsApp, kwamba tutapata nyakati za swala zikibadilika, darsa, misiba na habari za Idi, na anayetaka aingizwe atume jina lake kwenye namba iliyobandikwa ubaoni. Akamaliza, watu wakaenda kutafuta viatu. Mimi nilifanya kama alivyosema. Nikatuma jina palepale barazani, na kabla sijafika stendi ya daladala akanijibu, "Waalaykum salaam ndugu yangu, umeshaingizwa." Baada ya hapo kimya. Nikadhani hakuna matangazo.

Siku ya pili ya msiba nilimfuata baada ya Alasiri. Alisikitika kuliko mimi, kwa sababu kwa upande wake alikuwa ametangaza. Akanionyesha simu yake: saa 3 asubuhi, ujumbe umetoka, swala ya maiti baada ya Adhuhuri, kisha Kisutu. Tukaukandamiza ule ujumbe tukafungua `Info`, tukateremka chini ya `Read by` na `Delivered to`. Orodha ilikuwa na watu 143. Tuliowakuta hapo walikuwa 61. Jina langu halikuwemo, wala la kijana wake mwenyewe anayeishi Mbagala.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu najua misikiti mingi, na makanisa pia, wanalo tatizo hili na hawajui kwamba wanalo. Orodha ya matangazo ya WhatsApp humfikia mtu aliyeisevu namba ya mtumaji kwenye simu yake, huyo tu. Wenye WhatsApp waliiweka hivyo kuzuia mtu asiyekufahamu asikusanye namba za watu akawamwagia matangazo. Kwa hiyo kuna pande mbili: katibu anakuhifadhi wewe ndipo akuingize, na wewe unamhifadhi katibu ndipo upokee. Upande mmoja ukikosekana, ujumbe haufiki, na hakuna kengele inayolia popote. Katibu anaona ametuma. Muumini anaona hakuna jipya.

Kilichonidanganya mimi ni lile jibu la "umeshaingizwa". Lilinifikia vizuri, kwa tiki zake mbili, nikaamini njia iko wazi. Lakini lile lilikuwa ujumbe wa kawaida wa mtu kwa mtu, na huo unafika hata kama hujaisevu namba. Siku hizi unaweza kumwandikia mtu WhatsApp bila kumhifadhi kabisa, na ndivyo nilivyofanya. Kwa hiyo katibu anayetaka kujua kama mtu amefikiwa asimjaribu kwa ujumbe wa peke yake. Ajaribu kwa kupitia orodha, aandike, "Ukiupata huu jibu NIMEPATA." Majibu yatamwendea yeye peke yake, hayatasambaa kwa wengine. Asubiri siku mbili, maana wapo ambao simu imezima au bando limeisha. Halafu afungue `Info`. Mtu ambaye ukimwandikia peke yake anajibu, lakini kwenye `Delivered to` ya orodha haonekani siku baada ya siku, huyo karibu hakika hajaisevu namba. Apigiwe simu, asaidiwe.

Ndiyo maana maneno ya tangazo lile yananiuma. Yalihitaji sentensi moja zaidi mbele yake. Katibu aseme: "Toeni simu sasa hivi, sevuni namba hii, andikeni jina la msikiti. Mkishasevu, ndipo mtume jina lenu." Kisha anyamaze dakika mbili tukiwa bado tumekaa kwenye safu, vijana wawasaidie wazee. Ubaoni maneno hayohayo yaandikwe juu ya namba kwa herufi kubwa. Akina mama ghorofani wasomewe pia, maana kwetu kipaza sauti cha juu hakisikiki vizuri na siku ile wengi wao walipata habari nusunusu.

Wapo wanaosema tufungue kundi tu, yaishe. Nakubali kwamba kwenye kundi ujumbe unamfika kila mtu bila kusevu namba ya yeyote, na kiongozi anaweza kulifunga ili aandike yeye peke yake. Lakini hata likifungwa, namba za waumini wote zinabaki wazi kwa kila aliyemo. Dada yangu aliwahi kuingizwa kwenye kundi la namna hiyo, na ndani ya wiki moja akaanza kuandikiwa usiku na mtu asiyemjua. Alitoka na hajarudi. Orodha inamficha kila mmoja kwa mwenzake, na kwa hilo peke yake naitetea hata baada ya yaliyonipata.

Kwa sababu hiyohiyo, zile namba tulizoandika kwenye daftari la michango zisihamishiwe kwenye orodha bila kutuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mtu aliyetoa namba kwa ajili ya mchango wa paa ametoa kwa ajili ya paa.

Mambo mawili mengine kamati iyaangalie mapema. Orodha moja inabeba watu 256 mwisho, kwa hiyo tukizidi hapo inatakiwa ya pili, na katibu akumbuke kutuma kote kuwili, hasa usiku wa mwandamo ambapo kila mtu anasubiri kujua kama kesho ni Idi. Na laini isiwe ya katibu binafsi. Siku akihamia Tanga au akipokezana na mwingine, namba mpya itakuwa ngeni kwenye simu zetu zote, na tutarudi kwenye kimya kilekile bila kujua. Laini inunuliwe ya msikiti, katibu anayeondoka amkabidhi anayeingia pamoja na funguo za ofisi.

Wazee wenye vitochi hawamo kwenye haya yote. Wao wapelekewe SMS, na msiba utangazwe kwa kipaza sauti kama zamani.

Ijumaa iliyofuata katibu alirudia tangazo, safari hii akaanza na kusevu. Mzee aliyekaa kulia kwangu akanipa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akasema, "Niandikie mwanangu, macho yangu hayaoni herufi hizi." Nikaiandika namba, nikaandika jina la msikiti, nikamrudishia. Jioni ujumbe wa kujaribu ulikuja kwangu pia. Ulikuwa unatangaza hitima ya mzee wetu, Jumapili baada ya Alasiri.