"Mshahara unajumuisha ovataimu": sentensi ya kukataa kuitafsiri juujuu

Inauma kuona mtu kasaini mkataba wa Kiingereza, halafu jirani anamtafsiria hivi: "Mshahara wako ni 450,000, na ovataimu imo humo humo." Tafsiri si ya uongo. Lakini mfanyakazi anaondoka akiamini hana cha kudai, na hapo ndipo anapoumia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inaweka mipaka mitatu ya saa za kawaida: siku 6 kwa wiki, saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki. Yote mitatu inafanya kazi kwa pamoja. Mkataba ukisema "saa 9, Jumatatu hadi Jumamosi", kila namba peke yake inaonekana halali, ila ukizidisha unapata saa 54. Tisa za mwisho ni ovataimu.

Mchukue mtu wa stoo anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, akipumzika saa moja. Mshahara wake wa msingi wa 450,000 unagawanywa kwa 4.333, wastani wa wiki katika mwezi, kisha kwa saa 45. Inakuja kama 2,308 kwa saa. Ovataimu hailipwi chini ya mara moja na nusu, yaani kama 3,462. Kwa saa 9 kila wiki, wiki nne zinampa kama 124,600. Kifungu cha mkataba hakiwezi kushusha kiwango hicho cha chini.

Sasa angalia neno "msingi". Mkataba ukiandika msingi 300,000 na posho 150,000, hesabu inaanzia kwenye 300,000, na ovataimu ile ile inashuka hadi kama 83,100. Anayetafsiri yote kwa neno "mshahara" amemficha mfanyakazi zaidi ya shilingi 41,000.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa meneja wa ngazi ya juu hayumo kwenye ulinzi huu. Pia yapo makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu, lakini kwa siku zisizozidi 5 kwa wiki, na saa za kawaida za wiki bado ni 45.

Kuhusu kipindi cha majaribio kazini: "tunaweza kukuachisha wakati wowote" hakufuti notisi. Mwezi wa kwanza ni siku 7. Baadaye, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28. Kinachokosekana kabla ya miezi 6 ni haki ya kulalamika kwamba umeachishwa isivyo halali.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ukianza Jumatatu, unarudi Jumatatu ya wiki ya tano. Mkataba ukisema siku 28 za kazi, umekupa zaidi ya sheria, kwa hiyo usikubali zitafsiriwe kuwa kitu kimoja.

Na kama hujaelewa, kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akueleze kwa namna unayoielewa. Mwombe kabla ya kusaini, na hesabu ya saa aiandike kwa mkono wake pembeni ya karatasi.